Spredi ya puti chini ya sapoti: niweke straiki wapi, na sapoti ikivunjika nifanye nini?

MtotoWaKatuba (Lubumbashi)

Bakubwa, habari za jioni. Nina akaunti ya opsheni za Amerika, dola 1,200 ndani. Kwa miezi minne nimefanya puti na koli za karatasi tu, sasa nataka kuingia na makuta ya kweli. Nafuatilia hisa moja ya shaba. Leo iko 43.60. Kwa miezi mitano imeshuka mara tatu mpaka kwenye 40 na kidogo, na kila mara imepanda tena. Siamini kwamba itaruka, naamini tu kwamba haitakwenda chini ya hapo.

Nimeona tarehe ya kuisha yenye siku 38. Nataka kuuza puti ya 41 na kununua ya 39. Soko linanipa kredi ya senti 50 kwa hisa, yaani dola 50 kwa kontrakti moja ya hisa 100. Nafikiria kontrakti nne. Kinachonisumbua ni kwamba sijui nitafanya nini hiyo sapoti ya 40 ikivunjika. Mwenye uzoefu anisaidie.

Himbi83 (Goma)

Ni Freeport hiyo, wale waliouza mgodi wa Tenke kwa Wachina mwaka 2016? Kama ni hiyo, angalia bei ya shaba London kabla ya kuangalia chati ya hisa.

MtotoWaKatuba

Jina nimeliacha makusudi, yaya, mtu asije akanakili oda yangu bila kufikiri. Lakini shaba naiangalia kila asubuhi, hapa kwetu hata muuza mkate anaijua bei yake.

Papa_Ruashi (Lubumbashi)

Kijana, hiyo kredi ya dola 50 unalipa riba ngapi kwa mwezi? Mimi nilichukua kredi ya duka mwaka jana, riba ilinimaliza. Kama wanakupa kredi bila kuomba dhamana ya nyumba, jihadhari.

Mama_Kampemba (Lubumbashi)

Papa, hapa si mkopo, na umefanya vizuri kuuliza maana neno ni lilelile. Puti ni haki ya kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, ndiyo tunaiita straiki. Kijana anauza puti ya juu, kama bima kwa mtu anayeogopa hisa itashuka, na ananunua ya chini imlinde yeye mwenyewe; hizo mbili pamoja ndiyo spredi. Hizo dola 50 ni malipo ya bima anayopokea siku ya kwanza. Hana riba ya kulipa. Ila dhamana ipo: broka anafunga dola 150 katika akaunti yake mpaka mwisho, na ndizo anazoweza kupoteza.

Mtoto wa Katuba, sasa nakujibu wewe, na nitachukua nafasi.

Kwanza niambie bei za chini kabisa za zile mara tatu. Usiniambie "40 na kidogo". Fungua chati ya siku, weka kidole kwenye mshumaa wenyewe, usome.

MtotoWaKatuba

Mara ya kwanza chini kabisa 40.35. Mara ya pili 39.58, lakini siku hiyo ilifunga 40.70. Mara ya tatu 40.15. Sikuwa nimeiona hiyo 39.58, mama. Kwenye simu ule utambi wa mshumaa ni mwembamba sana.

Mama_Kampemba

Basi sapoti yako si mstari wa 40. Ni eneo linaloanzia 40.60 mpaka 39.58, na wanunuzi wamekuwa wakingojea humo. Straiki yako ya 41 iko juu ya eneo lote. Ukitoa senti 50 ulizopokea, unaanza kula hasara kwenye 40.50 siku ya mwisho. Maana yake hisa inaweza kufanya kile hasa ulichokitabiri, ishuke mpaka sapoti na kusimama pale, nawe ukapoteza.

Watu wengi wanajua kwamba straiki ya kuuza inakaa chini ya sapoti, lakini hawajui kwa nini inahitaji umbali. Si kwa ajili ya kuongeza nafasi ya kushinda peke yake. Ni ili siku sapoti itakapovunjika, spredi yako iwe bado inauzika kwa bei ya kubebeka. Sababu yako ya kuingia inakufa pale hisa inapofunga chini ya eneo. Ukiwa na straiki palepale au juu yake, sababu inakufa wakati mfuko umeshatoboka.

Mimi napima hivi. Kabla ya kuingia najiuliza: hisa ikifunga 39.20 baada ya wiki mbili na nusu, siku 20 zikiwa zimebaki, kuifunga spredi kutanigharimu ngapi? Broka wengi wana kikokotoo cha bei ya opsheni, unaingiza bei ya hisa, siku na msukosuko, yaani jinsi bei inavyotarajiwa kuyumba kwa mwaka. Msukosuko uongeze kidogo, maana hisa ikianguka puti zote zinapanda bei. Nimeweka asilimia 40 kwa leo na 45 kwa siku ya kuvunjika.

Yako ya 41 na 39 inatoka kwenye senti 50 na kufika karibu dola 1.19. Hasara dola 69 kwa kontrakti. Ukishuka ukauza 39 na kununua 37, leo unapokea kama senti 33. Siku ileile ya kuvunjika itakuwa na bei ya senti 79 hivi. Hasara dola 46. Umeacha dola 17 za mapato, lakini siku mbaya umepunguziwa 23, na siku mbaya zenyewe zinakuja mara chache zaidi kwa sababu bei ina safari ndefu ya kukufikia. Delta ya puti ya 39, ambayo ni kama makadirio ya nafasi ya hisa kumaliza chini ya straiki, ni kama 0.17. Ya 41 inakaribia 0.28.

Usiende chini sana pia. Nimeona vijana wakiuza 36 na kununua 34 kwa sababu "haifiki kule". Pale unapokea senti 10 au 11 na unahatarisha dola 189 ili upate 11. Ada ya broka wangu ni senti 65 kwa kila puti, kuingia na kutoka ni dola 2.60. Karibu robo ya mapato imeliwa kabla hujalala.

Kwa hiyo kwenye chati yako mimi ningeuza 39. Iko chini ya ule utambi wa 39.58, na iko chini ya 40 ambayo ni namba ya duara inayovuta oda za watu wengi. Ningenunua 37, upana wa dola 2. Na ningeandika kontrakti MOJA. Kontrakti nne za 41 na 39 zinahatarisha dola 600, nusu ya akaunti yako, kwa wazo moja.

Ziwa_Kivu (Goma)

Mama ameeleza vizuri kuhusu straiki, nakubali. Lakini hiyo habari ya kufunga kwa hasara siikubali. Mimi nina miaka miwili katika spredi za puti. Sapoti ikivunjika nasukuma mbele: nafunga ya mwezi huu, nafungua ya mwezi ujao kwa straiki zilezile, napokea kitu kidogo tena, na hisa inapata muda wa kurudi. Hasara haijawa hasara mpaka uikubali.

Bukavu_Kadutu (Bukavu)

Naomba nieleze yaliyonipata, maana hakuna aliyetaja siku ya mwisho.

Nilikuwa na spredi kama hiyo, 39 na 37, hisa tofauti. Ijumaa ya kuisha ilifunga 38.10, katikati ya straiki zangu. Nilijiambia: hasara yangu ni 90 ukitoa nilichopokea, sawa, nimeikubali, nikalala. Soko linafunga saa 22:00 kwetu majira haya, na hapa Kadutu umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Jumamosi asubuhi nikawasha simu: nina hisa 100 nilizonunua kwa 39, na akaunti inasoma hasi zaidi ya dola 2,700. Aliyekuwa na puti ya 39 ameniletea hisa zake. Puti yangu ya 37 haikuwa na thamani, ikafa palepale. Jumatatu hisa ilifungua 36.20. Broka akauza mwenyewe. Nilipoteza dola 280 kabla ya kuhesabu kredi, wakati niliambiwa upana wa dola 2 hauwezi kunipotezea zaidi ya 200.

Tangu siku hiyo nikisikia "hasara ya juu kabisa inajulikana" nasimama.

MtotoWaKatuba

Aksanti yaya, hiyo sikuijua kabisa. Nilidhani puti ya 37 inanilinda mpaka mwisho.

Mama_Kampemba

Pole sana, ndugu wa Kadutu. Ulichoeleza ndicho kinachofichwa na ule mchoro wa faida na hasara. Puti ya kununua inakulinda mpaka saa ya mwisho ya Ijumaa. Baada ya hapo, ukiwa katikati ya straiki, umebaki na hisa tupu na wikendi nzima mbele. Opsheni ikiisha na thamani ya hata senti moja inatekelezwa yenyewe, usipokuwa umetoa agizo la kuzuia. Kwa opsheni za hisa hata kabla ya tarehe mtu anaweza kukuletea hisa zake akitaka, hasa puti ikiwa imezama sana. Hiyo ya mapema si balaa kwa kuwa puti yako ya chini bado ipo hai. Balaa ni ya Ijumaa. Dawa yake ni moja: spredi haifiki Ijumaa ya mwisho mkononi mwako. Hata kama imebaki na bei ya senti 5, inunue, uifunge.

Ziwa_Kivu, kaka, mbinu ya kusukuma mbele naijua na nimeifanya. Uko sahihi kwamba wakati mwingine inakupa kitu. Lakini angalia ni wakati gani. Hisa ikiwa bado juu ya nusu ya straiki zako, yaani juu ya 38 kwa hii ya 39 na 37, spredi ya mwezi ujao inauzwa ghali kidogo kuliko ya mwezi huu, ndiyo maana unapokea. Hisa ikizama chini ya hapo mambo yanageuka: ya mwezi huu inakimbilia dola 2 kamili, ya mwezi ujao inabaki nyuma kwa sababu bado ina matumaini. Hapo unalipa ili usukume. Sasa wenye kusukuma mara nyingi wanangoja mpaka waumie, na wakiumia ndipo haifai tena.

Na jambo lingine. Ukisukuma umefunga moja kwa hasara na umefungua nyingine. Jiulize kama hiyo ya pili ungeifungua leo, bila kuwa na jeraha. Tulikuwa na sapoti, ndiyo sababu ya kuuza 39. Sasa eneo lile limevunjika na waliokwama humo wanangojea bei irudi ili watoke. Ungeuza puti ya 39 chini ya kitu hicho?

Ziwa_Kivu

Kama kuna sapoti nyingine chini, ningeuza. Kwa mfano kama 36 ina historia yake, nasukuma mbele na kushuka pamoja.

Mama_Kampemba

Hapo tunakaribiana. Ila kushuka straiki na bado upokee kredi ni nadra kwa upana uleule. Utashawishika kupanua spredi au kuongeza kontrakti ili namba ikubali, na hapo ndipo hatari inapokua wakati wazo limeshakufa.

MtotoWaKatuba

Nimeelewa. Niandike mpango, mniangalilie?

Naingia:

```
SELL 1 PUT 39
BUY  1 PUT 37
LIMIT 0.33 CREDIT   DAY
```

Nikishaingia tu naweka oda ya kutoka na faida, ikae hapo hata umeme ukikatika:

```
BUY  1 PUT 39
SELL 1 PUT 37
LIMIT 0.16 DEBIT   GTC
```

Sapoti ikivunjika natoka. Nimewaza kuweka stopu spredi ikifika senti 66, mara mbili ya nilichopokea.

Mama_Kampemba

Oda moja kwa puti zote mbili, vizuri. Usiuze moja ukangojea nyingine. Bei ikoje upande wa mnunuzi na wa muuzaji?

MtotoWaKatuba

Ya 39: 0.53 na 0.59. Ya 37: 0.21 na 0.26.

Mama_Kampemba

Basi ukikimbilia bei ya soko utapokea senti 27. Katikati ni 32 na nusu. Anza na 33, ngoja nusu saa, usiteremke chini ya 30. Ikikataa, iache.

Hiyo stopu ya senti 66 iondoe. Dakika za kwanza baada ya kufunguliwa saa 15:30, wanaotoa bei sokoni wanatanua sana pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji, spredi inaweza kuonyesha senti 70 wakati hisa haijasogea. Stopu inakurupuka, unanunua ghali bila sababu. Sababu yako iko kwenye hisa, basi na kengele iwe kwenye hisa. Andika: hisa ikiwa chini ya 39.50 dakika kumi na tano kabla ya kufungwa, nafunga spredi kwa oda ya limiti kabla ya 22:00. Kwa nini 39.50? Kwa sababu 39.58 ilishaguswa na ikarudi. Utambi wa mchana unaweza kurudia hilo. Kufunga chini yake hakujatokea katika miezi mitano.

Siku ya hatari weka simu yenye chaji na mega za kutosha. Kama huwezi kuwepo, broka wengi wanakubali oda yenye sharti la bei ya hisa. Sharti hilo halitofautishi utambi na kufunga, kwa hiyo liweke chini kidogo, 39.20.

Na kuna siku ambayo mpango wote haukusaidii. Hisa ilale 40.80 na iamke 36.50. Ukifungua macho spredi ina bei ya 1.29 hivi, hasara dola 96, na hakuna stopu iliyokuona. Pale unalindwa na puti ya 37 na ile namba ya kontrakti, basi. Kwa hiyo angalia kama ripoti ya mapato ya kampuni inaangukia ndani ya siku zako 38.

MtotoWaKatuba

Nimeangalia, ripoti inakuja siku nne baada ya tarehe ya kuisha. Oda imekubaliwa kwa 0.33. Aksanti sana mama.

MtotoWaKatuba *(siku 21 baadaye)*

Narudi na habari. Shaba imeteremka wiki nzima. Jana hisa iligusa 40.05, ikapanda mpaka 40.50, nikafurahi. Leo ilianza 40.10, saa 19:00 ikawa 39.70, na kila mshumaa wa saa moja ulikuwa mwekundu. Robo saa kabla ya kufungwa ilikuwa 39.31. Mikono ilikuwa baridi. Spredi katikati ilikuwa 0.77, nikaweka 0.78, ikakataa, nikaweka 0.81 ikakubali. Hisa imefunga 39.30. Hasara dola 48 na ada 2.60.

Bukavu_Kadutu

Dola 50 katika 1,200. Nilitamani mimi ningekuwa na jioni kama hiyo yako.

MtotoWaKatuba *(siku 2 baadaye)*

Leo hisa iko 40.90. Ningengoja siku mbili tu. Naomba mniambie ukweli, nilikosea?

Ziwa_Kivu

Kwangu mimi ndiyo, kidogo. Ningetaka ifunge chini siku mbili mfululizo kabla ya kuiita imevunjika. Siku moja ni kelele, na hisa za shaba zina kelele nyingi. Sisemi hata nisukume mbele, nasema ningengoja kesho yake.

Mama_Kampemba

Siku mbili ni kanuni halali, wapo wanaoitumia na wanaishi. Lakini kanuni hiyo ina bei yake, uilipe kwenye straiki. Kama siku ya pili ingefunguka 37.60, spredi ingekuwa kwenye dola 1.10 au zaidi, hasara 77 badala ya 48. Anayetaka siku mbili auze 38 na kununua 36 tangu mwanzo, akubali senti 24 au 25 badala ya 33. Kuuza 39 halafu ukangoja siku mbili ni kuchukua malipo ya mmoja na subira ya mwingine.

Mtoto wa Katuba, wewe ulifunga palepale ulipoandika. Mimi nisingebadilisha 39.50 kwa sababu ya mara moja.

Ziwa_Kivu

Mama, hapo kwenye kushusha straiki nimekuelewa. Nitapitia spredi zangu za mwaka jana nione ni ngapi zilifunga chini siku moja tu zikarudi, na ni ngapi ziliendelea. Nikimaliza naweka hapa.

Himbi83

Na ukihesabu, tenga zile ambazo shaba yenyewe ilikuwa inaanguka na zile ambazo ilikuwa hisa peke yake. Nadhani majibu hayatafanana.

MtotoWaKatuba

Nami nitaweka zangu za karatasi, ni kumi na moja. Sasa hivi utambi wa chini ni 39.12, kwa hiyo eneo limepanuka. Leo sijafungua kitu, nangoja nione kama 40.60 itashika kwa juu.